Kumwomba mwenzako ahakiki waraka kabla ya tarehe fulani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ofisi yetu iko Mbarara, na wenzetu wa uwanjani wako Nakivale, wilayani Isingiro. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kazini, kwa sababu wengine wametoka Kongo, wengine Burundi, na wengine ni wenyeji wa papa hapa Ankole. Maombi ya fedha tunaandika kwa Kiingereza, lakini kuombana kazi kunakwenda kwa Kiswahili, na hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wafanyakazi wapya mara nyingi mpaka nimeona niyajibu mahali pamoja. Mfano mmoja unapita kote: ombi la fedha la kurasa 14 kwa mradi wa bustani za mboga wa miezi 6, pamoja na bajeti yake, ambalo nilimwomba mhasibu wetu alihakiki. Tarakimu nimezibadilisha, makosa ni yaleyale tuliyoyakuta. Tarehe nimeziweka kwenye Juni 2026 ili uweze kuzifuata kwenye kalenda.

Kwa nini "naomba upitishe macho" haitoshi?

Kwa sababu utapata hichohicho ulichoomba. Ukimwambia mtu apitishe macho, macho yatapita. Atasoma ukurasa wa kwanza kwa makini, wa pili kwa haraka, ataona neno limekosewa herufi, atalirekebisha, na mwisho ataandika "iko vizuri, hongera". Hajakudanganya. Amefanya ulichomwomba.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyofanyia kazi kabla ya hii, nilimtumia mwenzangu ripoti kwa maneno hayohayo. Alikaa nayo jioni nzima akarudisha imejaa wino mwekundu: nukta, mkato, maneno yaliyorudiwa. Ilikuwa kazi ya upendo kweli. Lakini jedwali la ukurasa wa 9 lilikuwa na jumla isiyolingana na ya ukurasa wa 2, na hakuligusa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba jedwali ndilo lililonitia wasiwasi. Mfadhili aliliona siku ya kwanza. Tangu siku hiyo siombi kupitishiwa macho. Naomba kuhakikiwa, na nasema kuhakikiwa nini.

Nifanye nini kabla ya kuandika ombi lenyewe?

Jiulize ni kosa gani likibaki litakuumiza zaidi, kisha jiulize ni nani ofisini anayeweza kuliona. Maswali hayo mawili huenda pamoja. Kwenye ombi letu la bustani, kilichoniogopesha kilikuwa hesabu, kwa hiyo nilimwendea mhasibu. Yeye anajua michango ya NSSF, anajua PAYE, na anajua fomula ya jedwali inavyokatika. Lakini hajui kama vikundi vya bustani ni 12 au 14, kwa sababu hajawahi kufika kwenye vikundi hivyo. Anaweza kuniambia kwamba kurasa mbili hazikubaliani. Ipi ni kweli, hilo ni la afisa wa uwanjani.

Tofauti hii ukiisahau, utampa mhasibu swali ambalo hana njia ya kulijibu, naye kwa heshima atakisia.

Nitaje vipi cha kuangalia?

Taja mahali, kisha uliza swali lenye jibu. "Angalia bajeti" haina mahali wala swali. "Kwenye mstari wa 5 wa jedwali la bajeti, je, kiwango cha NSSF tulichotumia ni sahihi?" ina vyote viwili, na mtu akimaliza anajua kwamba amemaliza.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mwenzangu anaweza kujibu "sawa" au "si sawa"? Kama jibu pekee linalowezekana ni "naona ni nzuri", swali bado halijaiva. Ukitaka maoni ya jumla yaombe, ni haki yako, lakini yaombe kando ili yasimeze mambo ya kuhakikiwa.

Mambo manne au matano yanatosha kwa mtu mmoja. Yakifika kumi, ataanza kuyachagua mwenyewe, na wewe hutajua ameacha lipi.

La kusisitiza zaidi: taja pia asichohitaji kuangalia. Watu wengi wanaona hili kama utovu wa adabu, kana kwamba unamfungia mtu mlango. Mimi naliona kama kumpunguzia mzigo. Mhasibu wetu anaandika Kiingereza kizuri sana, na asipoambiwa lugha imeshasomwa na mtu mwingine, nusu ya saa zake zitaishia kwenye sentensi.

Naomba kuona ombi zima lilivyoandikwa.

Hili ndilo nililotuma Jumatano tarehe 10 Juni asubuhi, kwa barua pepe. Kichwa cha barua kilikuwa: *Kuhakiki bajeti ya bustani, mwisho Jumanne 16 Juni saa sita mchana.*

> Mama, pole na kazi.
>
> Naomba unihakikie bajeti ya ombi la bustani za mboga. Ninaihitaji Jumanne tarehe 16 Juni, saa sita mchana (12:00). Jumatano nitarekebisha, Alhamisi mkurugenzi atatia saini, na mfadhili anafunga kupokea Ijumaa tarehe 19 saa kumi na moja jioni (17:00).
>
> Naomba uangalie mambo manne:
>
> 1. Jedwali la bajeti, mstari wa 4 hadi wa 8: zidisha upya idadi, bei na miezi, kisha ujumlishe mwenyewe kabla ya kutazama jumla yangu.
> 2. Mstari wa 5: je, kiwango cha NSSF tulichoweka ni sahihi?
> 3. Je, jumla ya mstari wa 9 ni ileile iliyoandikwa ukurasa wa 1 na ukurasa wa 12?
> 4. Je, idadi ya watumishi, miezi na vikundi kwenye kurasa za 3 na 7 inalingana na jedwali?
>
> Usijisumbue na lugha, imeshasomwa. Bei ya mafuta na ya mbegu pia ziache, nina ankara za kukadiria.
>
> Nimejaribu mwenyewe, kazi hii inachukua kama saa moja na nusu. Kwa kila namba nijibu "sawa", "si sawa" au "sijaangalia", na uniandikie jumla uliyoipata. Kikomo cha mfadhili ni shilingi 32,000,000.
>
> Kama tarehe hii haiwezekani, naomba uniambie kabla ya Ijumaa tarehe 12 jioni ili nitafute njia nyingine.

Si barua ndefu. Kuiandika kulinichukua kama dakika ishirini, na nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye kutafuta namba za mistari na kurasa. Kazi hiyo ni yako wewe unayeomba. Ukimwachia yeye, ataanza kwa kutafuta, na mtu anayetafuta huchoka kabla ya kuhakiki.

Kama waraka ni wa Kiingereza na ombi lako ni la Kiswahili, vichwa vya sehemu viandike vilevile vilivyo kwenye waraka. Usivitafsiri. Nimewahi kutafsiri kichwa cha sehemu na mwenzangu akahakiki sehemu nyingine kabisa.

Tarehe naipangaje?

Anza mwisho urudi nyuma. Mfadhili anafunga Ijumaa tarehe 19. Mkurugenzi anahitaji siku moja ya kusoma na kutia saini, basi ni Alhamisi tarehe 18. Mimi ninahitaji siku moja ya kurekebisha, basi ni Jumatano tarehe 17. Kwa hiyo majibu ya mhasibu lazima yawe mkononi Jumanne tarehe 16 mchana, ili alasiri niweze kumpigia afisa wa uwanjani kama kuna jambo la kumuuliza.

Ukishapata tarehe hiyo, itazame kwa kalenda ya anayeombwa. Hapa Uganda mhasibu ana tarehe 15. Kila mwezi, ifikapo tarehe 15, PAYE ya mwezi uliopita inapaswa kuwa imefika URA na michango iwe imefika NSSF. Siku tatu nne kabla ya hapo mhasibu hana nafasi, hata akikuitikia kwa tabasamu. Mwanzoni nilitaka kumwomba majibu ya Ijumaa tarehe 12. Ningepata jibu la haraka, na jibu la haraka kwenye hesabu ni baya kuliko kutopata jibu. Juni 2026 tarehe 15 ni Jumatatu, kwa hiyo Jumanne tarehe 16 ilimpa asubuhi moja akiwa ameshapumua.

Juni ina mitego mingine. Tarehe 3 ni Siku ya Mashahidi na tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, zote mbili sikukuu za taifa. Wapo wenzetu wanaokwenda Namugongo kwa miguu kutoka huku magharibi, na hao huondoka siku nyingi kabla ya tarehe 3. Tena mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, hivyo mtu mwenye kazi na wilaya anakimbizana na mambo yake. Usihesabu siku za kalenda tu. Hesabu siku ambazo mtu huyo ataketi mezani. Kutoka Jumatano tarehe 10 hadi Jumanne tarehe 16 saa sita, kalenda inaonyesha karibu juma zima. Mhasibu wetu, kwa hakika, alikuwa na nusu siku.

Je, nikiandika "kufikia Jumanne" haitoshi?

Haitoshi, na hapa kwetu haitoshi kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni siku yenyewe. "Jumanne ijayo" ikisemwa Ijumaa, mmoja anaelewa ya siku nne zijazo na mwingine anaelewa ya juma linalofuata. Andika jina la siku pamoja na tarehe. Vikipingana, mwenzako ataona kuna kosa na atauliza. Mwezi pia uandike kwa jina, kwa sababu 06/10 kuna anayeisoma kama tarehe 6 Oktoba na kuna anayeisoma kama tarehe 10 Juni.

Ya pili ni saa. Kwa Kiswahili tunahesabu kuanzia mapambazuko, na Kiganda na Kinyankore vinahesabu vivyo hivyo. Lakini barua za ofisi zinaandikwa kwa saa za Kiingereza, na simu inaonyesha hizo hizo. Ukimwandikia mtu "saa 5" bila kusema asubuhi wala jioni, anaweza kuelewa saa tano asubuhi, na anaweza kuelewa ile 5 ya kwenye simu, yaani saa kumi na moja jioni. Hapo mmepishana kwa saa sita. Mimi huandika neno la wakati, kisha tarakimu za saa 24 kwenye mabano: saa sita mchana (12:00). Inaonekana ni kurudia, lakini tangu nianze kufanya hivyo hakuna aliyechelewa kwa sababu ya saa.

Mhasibu ni mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo. Nitamwekea tarehe bila kumvunjia heshima?

Hili huulizwa na kila kijana anayeingia, na linaniuma kidogo kwa sababu najua malezi linakotoka. Mtoto hamwambii mzazi "nataka kufikia Jumanne".

Lakini angalia barua iliyo juu. Sikumwekea tarehe kutoka kichwani mwangu. Nilimweleza kwa nini ni Jumanne: nani anafuata baada yake na mlango unafungwa lini. Mtu mzima akiona mnyororo wote, anajua tarehe imetoka kwa mfadhili, haikutoka kwa kijana. Kisha nilimwachia nafasi ya kukataa, na nafasi hiyo nayo nikaiwekea siku. Kukataa mapema ni msaada. Ofisini kwetu tatizo halikuwahi kuwa wakubwa wanaokataa, ni wakubwa wanaoitikia "sawa mwanangu" halafu wakazidiwa.

Namna ya kumwita ifuate mazoea yenu. Sisi tunamwita Mama. Wenzetu Wanyankore wanamwita nyabo, na bosi wa kiume ni sebo au mzee. Ukiweza, pita mezani kwake kwanza, msalimu, mwambie barua inakuja na inahusu nini, kisha itume. Maneno ya mdomo yanabeba heshima, barua inabeba namba za mistari. Ukitegemea mdomo peke yake, baada ya siku mbili hakuna atakayekumbuka kama ulisema ukurasa wa 3 au wa 13.

Nitume faili ya aina gani?

Kwa bajeti, tuma jedwali lenye fomula zake. Ukituma PDF, mhasibu anaona majibu tu, haoni yametoka wapi. Kosa moja kati ya yale tuliyoyapata lilikuwa hili:

```
=SUM(F4:F7)
```

Mstari wa 8, uchapishaji wa vitini, uliongezwa dakika za mwisho chini ya mingine. Fomula ilibaki inaishia mstari wa 7. Kwenye karatasi iliyochapwa huwezi kuliona hili kwa macho. Ukibonyeza kisanduku cha jumla unaliona mara moja.

Kwa maandishi, kama mnatumia Word, washa `Track Changes` kabla ya kutuma. Kwenye Google Docs mpe ruhusa ya `Commenter`, ili atakachobadilisha kibaki pendekezo mpaka wewe ulikubali. Na kama mwenzako yuko Nakivale akitegemea bando la simu, mtumie kurasa anazohitaji tu. Waraka wenye picha za bustani unaweza kuwa mzito mno, na atakuwa akingojea ufunguke huku muda unakwenda.

Jina la faili lichukue tarehe, kwa mfano `Bajeti_Bustani_10Juni.xlsx`. Jina lenye neno "mwisho" halisaidii, maana kesho kutwa mtakuwa na "mwisho kabisa".

Nitajuaje kwamba amehakiki kweli?

Ndiyo maana niliomba aandike jumla aliyoipata mwenyewe. "Iko sawa" inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajafungua faili. Tarakimu haiwezi.

Hebu tuone kilichotokea. Jedwali langu lilikuwa hivi. Mstari wa 4 ni mishahara: maafisa ugani 3, kila mmoja shilingi 1,200,000 kwa mwezi, miezi 6, sawa na 21,600,000. Mstari wa 5 ni NSSF, nilikuwa nimeandika 3,240,000. Mstari wa 6 ni mafuta ya pikipiki 3, lita 20 kila moja kwa mwezi, miezi 6, kwa shilingi 5,000 kwa lita, sawa na 1,800,000. Mstari wa 7 ni mbegu na zana kwa vikundi 12, kila kimoja 450,000, sawa na 5,400,000. Mstari wa 8 ni vitini, 740,000. Jumla iliyoonekana chini ilikuwa 32,040,000.

Kikomo cha mfadhili kilikuwa 32,000,000, kwa hiyo tulikuwa tumezidi kwa 40,000. Mratibu wa mradi alikuwa ameshaanza kusema tupunguze mafuta ya pikipiki moja.

Mhasibu akajibu Jumanne saa nne asubuhi. Namba 1: si sawa, fomula imeacha mstari wa 8. Namba 2: si sawa. Nilikuwa nimeweka NSSF asilimia 15, kwa sababu ndiyo asilimia inayopelekwa kwenye mfuko. Lakini kati ya hizo 15, asilimia 5 inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, na mshahara huo tayari umo kwenye mstari wa 4. Anachoongeza mwajiri juu ya mshahara ni asilimia 10 tu, yaani 2,160,000. Nilikuwa nimehesabu 1,080,000 mara mbili. (Akaongeza kwamba PAYE nayo isionekane kwenye mstari wake wa pekee, kwa sababu hiyohiyo: inatoka ndani ya mshahara.)

Jumla yake ilikuwa 31,700,000. Tumo ndani ya kikomo, na pikipiki zote tatu zikabaki na mafuta yao.

Tazama jinsi makosa mawili yalivyofichana. Moja lilizidisha 1,080,000, jingine lilipunguza 740,000, na kilichobaki juu ni tofauti ya 340,000 tu. Jumla ilionekana ya kuaminika, karibu kabisa na kikomo, kama bajeti zinavyokuwa. Mtu wa kupitisha macho asingeshtuka. Hata mtu aliyeona fomula peke yake angeongeza 740,000, akapata 32,780,000, na sisi tungekata mradi zaidi bila sababu. Ilihitajika kila mstari uzidishwe upya, na kiwango cha NSSF kiulizwe kwa jina lake.

Namba 3 ilikuwa si sawa pia, ikifuata hizo mbili. Namba 4: si sawa, ukurasa wa 3 unasema vikundi 14, jedwali linasema 12. Hapo mhasibu aliishia, akaandika "sijui ipi ni kweli", na namshukuru kwa maneno hayo. Nilimpigia afisa wa Nakivale alasiri hiyo. Vikundi ni 12, viwili vingine viliungana na wenzao. Kama vingekuwa 14, mbegu na zana zingefika 6,300,000, jumla 32,600,000, na tungekuwa na uamuzi halisi wa kufanya.

Akikaa kimya?

Mkumbushe siku moja kabla, kwa ujumbe mfupi unaorudia tarehe na saa na kutuma faili tena, ili asilazimike kulitafuta. Kama kuna sikukuu au mwisho wa juma katikati, kumbusha siku ya kazi iliyo kabla yake. Saa ikifika bila jibu, piga simu. Usitume ujumbe wa tatu.

Wapo wanaoandika kwenye ombi "nisiposikia kutoka kwako nitachukulia kwamba umekubali". Kwa barua ya mwaliko, labda. Kwa hesabu, nakataa kabisa. Kimya cha mhasibu si saini yake. Kama muda umekwisha, mpelekee mkurugenzi waraka na useme wazi kwamba jedwali halijahakikiwa, yeye aamue kama atatia saini au atamtafuta mtu mwingine wa kujumlisha. Ni aibu ndogo kwa siku moja.

Naweza kuendelea kuandika wakati yeye anahakiki?

Sehemu nyingine, ndiyo. Kurasa ulizomtajia, usiziguse. Ukibadilisha mstari wa 7 akiwa ameshauhakiki, kazi yake imeharibika na hajui. Ikilazimika, mwandikie mara moja: mstari gani, ulikuwa ngapi, sasa ni ngapi. Usimtumie faili jipya kimya kimya ukidhani atalinganisha.

Nikiomba watu wawili waangalie kitu kilekile, si ni salama zaidi?

Mara nyingi sivyo, kwa sababu kila mmoja anamwachia mwenzake. Wagawie: mhasibu achukue jedwali, afisa wa uwanjani achukue kurasa za 3 na 7, na kila mmoja aone kwenye barua kwamba mwingine amepewa nini. Kama kuna namba moja ambayo kwa kweli unataka macho manne juu yake, itaje hiyo peke yake, na usimwonyeshe wa pili majibu ya wa kwanza.

Amekuta jambo ambalo sikumwomba aangalie. Nifanye nini?

Lipokee. Mhasibu wetu, pamoja na kuambiwa aache bei, alichungulia ankara ya mbegu akaona imeandikwa kwamba bei zake zinadumu siku 30, nazo zilikuwa zimeshapita. Nilimpigia muuzaji Jumatano asubuhi, akanitumia ankara mpya kwa bei ileile, na nikaiambatisha kabla ya waraka kwenda kwa mkurugenzi. Ombi la mwezi uliofuata lilikuwa na jambo la tano: *tarehe za ankara zote, je, zitakuwa bado hai siku mfadhili anapofunga?*